Alama 19 za moko ya Hisabati: zile 31 zilipotelea wapi, na mazoezi ya wiki sita nyumbani

Kwa Baba na Mama wa mtahiniwa namba 37,
Darasa la Saba,
Tanga.

YAH: MATOKEO YA MOKO NA MAZOEZI YA HISABATI

Shikamooni.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu vitatu: karatasi ya matokeo, karatasi ya maswali ya Hisabati yenye kazi ya binti yenu pembeni, na nakala ya fomu aliyojazia majibu. Karatasi ya matokeo ndiyo inayokimbiliwa na kila mtu, ilhali ndiyo yenye maneno machache kuliko zote. Imeandikwa 19, basi. Hizo karatasi mbili nyingine ndizo zinazosema 19 imetoka wapi, na ndizo nilizozitumia kuandika barua hii.

Kwanza namna ya kusoma alama zenyewe. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Kwa somo moja, alama 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na 10 kushuka chini ni E. Binti yenu amepata Kiswahili 33, Uraia na Maadili 27, Maarifa ya Jamii 26, Sayansi na Teknolojia 24, Kiingereza 22 na Hisabati 19. Jumla ni 151, na jumla ya 121 hadi 180 ni daraja C. Hiyo C ya jumla imeifunika D ya Hisabati. Mkiitazama jumla peke yake mtaona mtoto yuko sawa tu. Ile nafasi ya 48 kati ya wanafunzi 92 iacheni pembeni kwa sasa, maana haimwambii mtu afanye zoezi gani jioni ya leo.

Karatasi ya Hisabati ilikuwa na maswali 45. Ya 1 hadi 40 ni ya kuchagua herufi, alama moja moja. Ya 41 hadi 45 ni ya kuonyesha njia, alama mbili mbili. Amepata 17 kwenye yale 40 na 2 kwenye yale matano ya mwisho. Alama 31 zimepotea, na zimepotea kwa njia tofauti. Sita zilipotea kwenye kujaza fomu. Sita zilipotea kwenye sehemu na kwenye mpangilio wa matendo. Tano kwenye vipimo na saa. Sita nyingine zimetawanyika huku na huko, moja kwenye pembe, moja kwenye grafu, na kadhalika, na hizo nitazishughulikia darasani. Nane zilizobaki ni za maswali ya njia.

Fomu ndiyo ianze, kwa sababu hapo hakuna hesabu ya kujifunza

Chukueni nakala ya fomu na karatasi ya maswali, mziweke pamoja mezani. Swali la 23 hakulifanya. Kwenye karatasi ya maswali pako patupu. Lakini kwenye fomu mstari wa 23 umejazwa. Jibu alilolizungushia swali la 24 amelitia mstari wa 23, la 25 kalitia wa 24, na mambo yakaenda hivyo hivyo hadi jibu la 31, lililoangukia mstari wa 30. Alipogeuza ukurasa akaanza vizuri na la 32, na mstari wa 31 ukabaki mtupu. Maswali manane yakasogea hatua moja. Kwenye karatasi ya maswali alikuwa amepata saba kati ya hayo manane. Kwenye fomu akapata moja tu, tena kwa bahati ya herufi kufanana.

Hizo ndizo alama sita. Angejaza sawasawa, bila kujua jambo jipya hata moja, angekuwa na 25, yaani C.

Sababu yake ni mazoea ya kufanya maswali yote kwanza na kuhamisha majibu yote mwishoni, dakika zikiwa zimebaki chache. Mtu akihamisha herufi arobaini mfululizo kwa haraka, jicho halirudi tena kwenye namba ya swali. Linafuata nafasi tupu inayofuata.

Zoezi lake anaweza kulisimamia mtu yeyote nyumbani, hata aliyeacha shule zamani. Mwambieni achore kwenye karatasi mistari 40 yenye namba, kila mstari herufi A, B, C, D na E. Nyuma ya kalenda iliyopita panafaa kabisa. Mmoja wenu, au kaka yake, aandike orodha ya majibu ya kubuni, arobaini, na ndani yake aweke maruko manne: "moja C, mbili A, tatu ruka, nne E." Anayesoma asitaje namba kwa sauti ya kubembeleza, asome kwa mwendo wa kawaida. Mtoto ajaze kwa penseli ya HB, na panaposemwa ruka auache mstari ule mtupu na kutia alama ndogo pembeni. Kidole cha mkono wa kushoto kiwe juu ya namba ya mstari, penseli iwe kwenye herufi, na namba aitaje kimoyomoyo kabla ya kujaza. Kila baada ya maswali matano asimame, alinganishe namba ya swali na namba ya mstari, ndipo aendelee.

Kisha mlinganishe fomu na orodha. Makosa matatu ya kutazama: mstari uliosogea, mstari wenye herufi mbili zilizojazwa, na herufi iliyofutwa nusunusu. Mstari wenye alama mbili hauna jibu, hata kama moja kati ya hizo ni sahihi. Kifutio kigumu kinachoacha weusi ni hasara, kwa hiyo mnunulieni laini. Zoezi moja linachukua kama dakika kumi na mbili. Akilifanya mara tatu mfululizo bila kosa, lipunguzeni liwe mara moja kwa wiki.

Siku ya mtihani ajaze fomu kila anapomaliza maswali matano, asingoje mwisho.

Sehemu: tatizo lake ni kuchagua kanuni

Swali la 9 lilikuwa 3/4 + 2/5. Yeye ameandika 5/9. Amejumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini. Namba ya juu sisi tunaiita kiasi, ya chini tunaiita asili, na kwenye kujumlisha asili hazijumlishwi. Zinatafutiwa Kigawe Kidogo cha Shirika, ndiyo ile KDS mtakayoiona kwenye daftari lake. KDS ya 4 na 5 ni 20. Kwa hiyo 3/4 inakuwa 15/20, na 2/5 inakuwa 8/20, jumla 23/20, yaani 1 na 3/20.

Hili anaweza kulikamata mwenyewe bila mwalimu. Ukiwa na robo tatu ya kilo ya sukari ukaongezewa nyingine, haiwezekani ukabaki na nusu kilo na kidogo. 5/9 ni nusu na kidogo. Mfundisheni kuuliza swali hilo kila anapomaliza kujumlisha: nilichopata ni kikubwa kuliko nilichoanza nacho? Kama si kikubwa, kuna kitu kimeharibika.

Tena msimwone mzito. KDS anaijua, kwenye swali la 4 aliulizwa KDS yenyewe na akapata. Ila kuzidisha sehemu ni juu kwa juu na chini kwa chini, kanuni rahisi, nayo ndiyo imemkaa kichwani hadi anaitumia kila mahali. Ndiyo maana kumpa hesabu thelathini za kujumlisha sehemu hakumsaidii. Akishaona ya kwanza anajua zote ni za kujumlisha, anarudia tu, na kazi ya kuchagua kanuni haifanyi hata mara moja.

Basi apewe hesabu sita tu kwa jioni, zilizochanganywa: mbili za kujumlisha, moja ya kutoa, mbili za kuzidisha, moja ya kugawanya, zisifuatane kwa aina. Kabla ya kuanza kukokotoa aandike pembeni ya kila swali neno moja: "KDS" kwa kujumlisha na kutoa, "juu kwa juu" kwa kuzidisha, "geuza ya pili" kwa kugawanya. Ninyi mtazame hilo neno tu. Kama neno ni sahihi na jibu ni kosa, kateleza kwenye kuzidisha, si kitu. Kama neno lenyewe ni kosa, arudie hesabu ile kesho yake.

Swali la 14 ni la jamii hiyo hiyo, na linafundisha zaidi:

1 1/2 + 2/3 × 3/4

Amejumlisha kwanza kwa kuwa kujumlisha ndiko kulikotangulia mkononi. 1 1/2 ni 3/2, na 3/2 + 2/3 ni 13/6. Akazidisha kwa 3/4 akapata 1 5/8, akalikuta jibu hilo miongoni mwa herufi tano, akalichagua kwa furaha. Huo ndio mtego wa maswali ya kuchagua. Majibu yasiyo sahihi hayaokotwi tu. Hutengenezwa kutokana na makosa yanayofahamika. Kulikuta jibu lako kwenye orodha si ushahidi kwamba umepata.

Kanuni anaijua kwa jina, MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hapa kuzidisha kunatangulia: 2/3 × 3/4 ni 6/12, yaani 1/2. Kisha 1 1/2 + 1/2 ni 2.

Lakini MAGAZIJUTO ina kona yake, na watoto wengi hujikwaa hapo. Mpeni 20 − 8 + 5. Binti yenu atasema JU inatangulia TO, atajumlisha 8 na 5 apate 13, kisha 20 kutoa 13 apate 7. Jibu ni 17. Alama ya kutoa imeishika 8 peke yake. Kujumlisha kwanza maana yake ni kuichukua 5 na kuipeleka kwa 20, iwe 25, ndipo 8 itolewe. Mwambieni kila namba isogee pamoja na alama iliyo kushoto kwake, kama mtoto aliyeshikwa mkono. Aipigie mstari chini kila namba pamoja na alama yake kabla ya kuanza, na mtego huo hautamkamata tena. Hesabu tatu za namna hii kwa wiki zinatosha.

Vipimo na saa

Hapa kuna alama tano, na nne kati yake zina chanzo kimoja: anapokopa, anakopa mia kila mahali. Swali la 27 lilikuwa saa 3 dakika 15 kutoa saa 1 dakika 40. Aliazima saa moja, akaifanya dakika 100, akapata 115, akatoa 40, jibu lake saa 1 dakika 75. Saa moja ina dakika 60. Inakuwa dakika 75 kutoa 40, jibu ni saa 1 dakika 35. Na dakika 75 kwenye jibu ingetosha kumshtua, kwa sababu dakika zikifika 60 tayari ni saa nyingine.

Mwambieni aandike juu ya kila safu, kabla ya kutoa, kiasi kinachokopwa: juu ya dakika aandike 60, juu ya gramu 1000, juu ya mililita 1000, juu ya sentimeta 100, juu ya siku za wiki 7. Ajaribu kilo 5 gramu 200 kutoa kilo 2 gramu 850. Akikopa kilo moja, gramu zinakuwa 1200, na jibu ni kilo 2 gramu 350. Kama mama anapima unga au dagaa nyumbani, mizani ile ile inatosha kuhakikisha jibu.

La tano ni la eneo. Aliulizwa meta za mraba 3 ni sentimeta za mraba ngapi, akasema 300. Meta ya mraba ina sentimeta 100 upande huu na 100 upande ule, yaani sentimeta za mraba 10,000. Jibu ni 30,000. Achore mraba, aandike 100 kwenye pande zote mbili, azidishe. Akishauchora mara mbili hasahau.

Kwenye saa kuna jambo moja nalitilia mkazo, kwa sababu saa zetu za Kiswahili zina kikomo cha 12. Basi linaondoka Tanga saa 12:45 asubuhi na kufika Dar es Salaam saa 6:20 mchana. Limetumia muda gani? Mtoto akikimbilia kutoa, atatoa 6:20 kwenye 12:45, apate saa 6 dakika 25, na amekosa. Njia salama ni kupiga hatua. Kutoka 12:45 hadi saa 1 kamili ni dakika 15. Kutoka saa 1 hadi saa 6 ni saa 5. Kutoka saa 6 hadi 6:20 ni dakika 20. Jumla ni saa 5 dakika 35. Maswali haya ninyi mnaweza kuyatunga mkiwa jikoni: chombo kimetoka pwani saa 11:30 alfajiri kikarudi saa 4:10, kimekaa majini kwa muda gani? (Ni saa 4 dakika 40.) Mawili kila jioni, kwa mdomo, na asieleze jibu tu, ataje na hatua.

Maswali ya 41 hadi 45

Kwenye la 42 na la 43 jibu lake ni sahihi na njia haipo. Nimempa alama moja moja badala ya mbili. Njia ipo, imeandikwa kwa penseli kwenye pembe ya ukurasa, imefutwa. Anaona aibu ya kuacha karatasi chafu. Naomba mmwambie ninyi wenyewe, kwa sauti ya mzazi, kwamba njia ndiyo inayotafutwa. Kila hatua iwe na mstari wake, alama za usawa zikae chini kwa chini, na kipimo kiandikwe kwenye jibu. La 41 alikosea. La 44 na 45 hakuyagusa kabisa kwa sababu muda ulikwisha.

Muda ulikuwa saa mbili, dakika 120. Agawe hivi: dakika 80 kwa maswali 40, yaani mbili kwa kila swali, dakika 25 kwa yale matano, na 15 za kukagua fomu. Swali likizidi dakika tatu aliache, atie alama, aende mbele. Mstari wake kwenye fomu ubaki mtupu, na hapo ndipo lile zoezi la maruko linapolipa.

Ratiba ya jioni

Dakika arobaini kwa siku zinatosha, siku nne za wiki, baada ya kurudi chuoni na kula. Wiki ya kwanza iwe ya fomu na hesabu sita za sehemu. Wiki ya pili na ya tatu, sehemu pamoja na MAGAZIJUTO. Ya nne na ya tano, vipimo na saa, huku siku moja ikirudishwa kwenye sehemu ili zisisahaulike. Wiki ya sita asijifunze kipya. Kila Jumamosi afanye maswali 20 ya karatasi ya zamani kwa dakika 40, na fomu, saa ikiwa mezani. Kalkuleta ya simu isitumike hata kwa kuhakikisha. Mkitaka kuhakikisha nitawapa majibu kwenye karatasi.

Tuisheni ya pili siishauri. Tayari anahudhuria moja, na ya pili itamletea namna nyingine ya kuandika hesabu zile zile, wakati shida yake ni kuchanganya kanuni.

Ijumaa ya wiki ya tatu naomba daftari lirudi shuleni pamoja na fomu zote alizojaza, hata zenye makosa, hasa zenye makosa. Nitampa hesabu sita za sehemu zilizochanganywa. Akipata nne au zaidi tunasonga kwenye vipimo kama nilivyopanga. Akipata chini ya hapo, nitamwuliza KDS ya 6 na 8, na ya 4 na 10. Akisema 24 na 20 bila kusita, basi bado anachanganya kanuni na tutaongeza wiki moja ya zoezi lile lile. Akisita, shida iko kwenye jedwali la kuzidisha, na hapo nitawaita tuonane kabla ya kuendelea.

Chini ya barua hii pana sehemu ya sahihi. Aandike mmoja wenu saa ambayo mtoto atakuwa akisoma, ili nami nijue kazi niliyompa ataifanya lini, kisha aikate na kumpa airudishe.

Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Saba

- - - - - - - - - - - - - - - - - - - -

Nimesoma barua na kuiona fomu ya majibu. Mtoto atafanya mazoezi siku za …………………… kuanzia saa ……… hadi saa ………

Sahihi ya mzazi au mlezi: ……………………